Kataba, kaataba, kattaba: jinsi ya kulifundisha sikio la Kiswahili kusikia madda na shadda

Jamani, hii naandika kwa ajili ya wale wanaojifunza Kiarabu cha kuongea na kuandika, sio kisomo cha Kurani peke yake (ingawa walosoma madrasa wana faida fulani na hasara fulani, ntaeleza). Mi nafundisha watu wazima hapa Ujiji, barazani, baada ya maghribi, wanafunzi wangu ni madereva bajaji, mama mmoja anauza mawese, vijana wawili wanajiandaa kwenda Omani kufanya kazi. Na kosa linalowasumbua karibu wote ni hilohilo moja, wanajua neno, wanajua maana, ila hawasikii kama irabu imevutwa (ndo madda) au konsonanti imeshikiliwa (ndo shadda), na wakisema wao wanavuta pasipotakiwa.

Nianze na kijana wa bajaji maana ndo alonifanya nikae chini niandike. Kapigiwa simu na mtu wa Maskati wanapanga safari, akaniletea voisi ile anacheka, "Ustadhi, huyu mzee anasema ataenda kunipokea kwenye mvua." Nikasikiliza. Mzee kasema *mataar*, uwanja wa ndege. Mvua ni *matar*. Kijana wangu kichwani mwake yote mawili ni "matari", na we mwenyewe sema matari sasa hivi uone umekaza wapi. Kwenye *ta*. Sasa hilo neno ni lipi, mvua au uwanja? Huwezi kujua.

Tatizo linaanzia hapo. Kiswahili tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tukikaza tunaivuta kidogo bila kujua. Maneno ya Kiarabu yalipoingia kwetu tukayaongezea irabu mwishoni na mkazo ukajipanga wenyewe, urefu wa asili ukafutika. Chukua *kalamu* na *salamu*. Kwetu yana vina kabisa, mtunga mashairi atayaweka pamoja bila wasiwasi. Kwa Mwarabu ni *qalam*, fupi fupi, na *salaam*, ya pili ndefu, hayafanani mwendo. Safari, habari na hatari asili zake ni fupi (*safar, khabar, khatar*), wakati kitabu, hesabu na haramu asili zake ni ndefu (*kitaab, hisaab, haraam*). Na zile za kushikilia ndo tumezipoteza zaidi, duka ni *dukkaan*, sukari ni *sukkar*, muda ni *mudda*, haki ni *haqq*. Kwahiyo ukidhani unajua Kiarabu kwa sababu Kiswahili kina maneno yake, kumbuka maneno unayo ila urefu wake umekatwa.

Kuandika hapa: irabu nikiiandika mara mbili ujue ni ndefu (madda), konsonanti nikiiandika mara mbili ujue ina shadda.

Kwanza, jua unachokitafuta

Shika mzizi mmoja tu, usihangaike na orodha ndefu.

*kataba*: aliandika
*kaataba*: aliandikiana na mtu barua
*kattaba*: aliandikisha, alimfanya mtu aandike

Ukiangalia utaona Kiarabu hapa kinafanya kazi ambayo sisi tunaifanya kwa kunyambua kitenzi. Sisi tunabandika -iana na -isha mwishoni, wao wanavuta irabu ya kwanza au wanashikilia konsonanti ya kati. *Qatala* aliua, *qaatala* alipigana. *Darasa* alisoma, *darrasa* alisomesha. *Hamala* alibeba, *hammala* alibebesha. Sio kila mara -isha lakini, wakati mwingine shadda inaleta maana ya kuzidisha, *kasara* alivunja, *kassara* alivunjavunja vipande vipande. Kwahiyo ukikosea hapa hujakosea lafudhi, umemwambia mtu kitenzi kingine.

Na kwa nini nimechagua haya matatu ya *kataba*? Kwa sababu yote mkazo uko silabi ya kwanza, KAtaba, KAAtaba, KATtaba. Matar na mataar zina msaada wa mkazo, maana mkazo unahama, MAtar, maTAAR, mtu mwenye sikio la Kiswahili anaweza kudandia mkazo akapona. Haya matatu hakuna pa kudandia, ni muda tu.

Utaniambia mbona Kiswahili kina kufa na kufaa, kwahiyo urefu tunaujua. Hapana, hapo tunajidanganya. Sema polepole, KUfa, kuFAa. Mkazo umehama kwa sababu kufaa ina silabi tatu, *fa* na *a* ni silabi mbili tofauti. Sisi tunasikia mkazo umekaa wapi, urefu wenyewe hatuutegemei. Wanafunzi wangu Waha hapa wananizidi hata mimi nilivyokuwa naanza, Kiha kinatofautisha irabu fupi na ndefu kwelikweli, kwahiyo *kaataba* wanaidaka siku ya kwanza. Hata Wanyamwezi wa kule Tabora, lugha yao inayo hiyo. Ila ikifika *kattaba* wote tunakuwa sawa, Kiha hakina konsonanti za kushikilia namna hiyo.

Pili, sikia kabla ya kusema

Hapa watu wengi wanaruka, wanataka kutamka siku ya kwanza. Ukitamka kitu usichokisikia unajizoesha kosa.

Tafuta mtu anayejua au rekodi zenye maneno hayo, na ziwe za sauti zaidi ya moja, mwanaume na mwanamke, mmoja anayeongea haraka na mmoja taratibu. Hii sio mapambo. Urefu hauna kipimo kimoja cha kudumu, irabu fupi ya mzee anayeongea polepole inaweza kuwa sawa kwa muda na irabu ndefu ya kijana mwenye haraka. Kinachobaki ni uwiano ndani ya neno lenyewe, yaani hiyo *a* ya kwanza ikilinganishwa na *a* inayofuata. Ukizoea sauti moja tu, siku ukikutana na mwingine unapotea.

Anza na mawili tu, *kataba* na *kaataba*. Mwenzako acheze au aseme maneno 20 kwa kuchanganya, bila mpangilio (arushe shilingi, kichwa au mwenge, maana mtu akichanganya kwa akili yake anapokezanisha na wewe unaanza kubashiri). Wewe umegeuka, humuoni mdomo. Ukisikia fupi nyoosha kidole kimoja, ukisikia ndefu nyoosha kiganja. Hakuna kuongea. Anaandika pembeni ulichokosa.

Ukipata 10 hujasikia kitu, hiyo ni bahati. Mtu anayebahatisha tu kufika 15 au zaidi inatokea kama mara mbili katika mia, kwahiyo 15 ndo mpaka wangu, na nataka zitoke siku mbili mfululizo. Ukivuka, fanya *kataba* na *kattaba*. Ukivuka hapo changanya *kaataba* na *kattaba*, na hapa ndo utashangaa, hii jozi ya mwisho watu wanadhani ni rahisi na inawavua nguo. Sababu yake iko hatua inayofuata.

Tatu, hesabu mapigo

Jirani yetu jioni anatwanga sombe, yeye na binti yake, michi miwili kwa kupokezana, tu-tu-tu-tu, hawapotezi. Mi ndo saa yangu ya kufundishia. Kama huna jirani wa hivyo piga kidole mezani kwa mwendo mmoja, usikimbie.

*kataba*: ka, ta, ba. Mapigo matatu.
*kaataba*: ka, a, ta, ba. Manne.
*kattaba*: ka, t, ta, ba. Manne pia.

Umeona? Kaataba na kattaba zinalingana urefu wa jumla. Mtu anayesikiliza "neno limerefuka" bila kujua limerefukia wapi atazichanganya daima. Tofauti iko kwenye pigo la pili, limejazwa na nini. Kwenye *kaataba* pigo la pili lina sauti, mdomo uko wazi, koo linanguruma. Kwenye *kattaba* pigo la pili ni kimya. Ulimi umeziba, hakuna kinachotoka, mchi unapiga na wewe umenyamaza. Kwahiyo unachotakiwa kusikia ni ukimya, na ndo maana ni ngumu, nani amezoea kusikiliza ukimya?

Kwa hiyo usianze na *t*. Anza na konsonanti zinazosikika wakati zimeshikiliwa, halafu shuka. Mpangilio wangu ni huu: kwanza *m*, *hamala* na *hammala*, maana *m* inavuma puani pigo zima. Halafu *s*, *kasara* na *kassara*, utasikia ssss. Halafu *r*, *darasa* na *darrasa*, ulimi unatetemeka. Mwisho ndo *t* na *k*.

Na *m* tunayo mlango wa nyumbani. Sema "hamjui", yaani nyie hamjui. Sasa sema "hammjui", nyie hammjui yeye. Umeshikilia *m* ya pili, imekula pigo lake, na maana imebadilika. Au *mea* na *mmea*. Hiyo *mm* ya hammjui ipeleke moja kwa moja kwenye *hammala*, na usiwe na wasiwasi, unaijua tangu utoto.

Walopita madrasa wanaijua *inna* na *thumma*, nuni na mimu zenye shadda wanazishikilia haraka mbili, yaani mapigo mawili, kwa ghunna, mvumo wa puani, vizuri kabisa. Ila hapo kuna mtego, wameizoea shadda ya puani tu, wakifika kwenye *kattaba* wanapita kama hamna kitu. Na mtego mwingine upande wa madda, wamefundishwa kuhesabu haraka mbili, nne mpaka sita kwa kukunja vidole, wakiongea dukani wanavuta *kitaaaaaab*. Haraka nne na sita ni za kisomo, zina sababu zake kwenye tajwidi. Kwenye mazungumzo irabu ndefu ni kama mara mbili ya fupi, basi. Ukizidisha utaonekana unaadhini.

Nne, sasa tamka

Kwenye kutamka kuna makosa matatu na yanatokea kwa mpangilio huohuo karibu kwa kila mtu.

La kwanza ni kuvuta silabi ya pili kutoka mwisho. Mtu anasema kaTAAba akidhani amesema kataba. Kumwambia "kaza mwanzo" hakusaidii, hasikii. Ninachofanya namwambia aseme *lazima* ile ya kukaza mwanzo, LAzima, kama mama anavyosema "LAzima uende!" Au barabara, sio barabara ya kwenda Kigoma mjini, ile ya kukubali, baRAbara, sawasawa kabisa. Sote tunaweza kuhamisha mkazo tukitaka, tunavyo vichache. Halafu wimbo wa LAzima unaupandisha kwenye KAtaba. LAzima, KAtaba, LAzima, KAtaba, mpaka itulie. Ikitulia ndo unavuta, KAAtaba, na hiyo *ta* unaiacha fupi vilevile.

La pili ni kupiga badala ya kushikilia. Ukimwambia mtu "shadda" anaiona kama nguvu, anatema *T* kubwa mpaka mate yanaruka. Nguvu sio muda. Weka kiganja mbele ya mdomo, sema *kattaba*, ulimi uende kwenye meno ubaki hapo, sikia hewa imejaa nyuma yake inasukuma, subiri mchi upige, ndo uachie. Na wakati wa kuachia uachie kawaida, usiteme.

La tatu ni kuachia mara mbili. Kiganja kilekile kitakwambia. Upepo ukigonga mkono mara mbili kwenye *t* ya kattaba ina maana umefanya t... t, na mara nyingi katikati unapachika kairabu, "katitaba". Kiswahili hakipendi konsonanti mbili kuongozana kwahiyo ulimi unatafuta pa kupumulia. Upepo utoke mara moja tu, mwishoni.

Kuna jozi moja ya kujipima hapa, *hamaam* na *hammaam*. Ya kwanza njiwa, ya pili bafu. Mama wa mawese aliniuliza kwa Kiarabu njiwa iko wapi, na alikuwa na haraka.

Tano, pima kwa macho

Masikio yanajipendelea, kwahiyo jirekodi. Kama una kompyuta tumia Praat, ni ya bure, imetengenezwa Chuo Kikuu cha Amsterdam kwa kazi hiihii ya kupima sauti, au Audacity. Angalizo, simu nyingi zinahifadhi rekodi kwa m4a na Praat haifungui m4a, igeuze iwe wav kwanza au tumia apu ya kurekodi inayotoa wav. Rekodi ndani, sio barazani, michi ya sombe itakuchafulia picha.

Sema kila neno mara tano ndani ya sentensi moja ileile, sio neno peke yake, maana neno la peke yake mtu analivuta mwishoni. Mi natumia *qaala kataba marra*, halafu *qaala kaataba marra*, nabadilisha la katikati tu. Kwenye Praat fungua faili, bonyeza View & Edit. Irabu utaiona kama mawimbi manene yenye kujirudia, *t* utaiona kama uwanda mtupu halafu kamstari kembamba ka kupasuka. Buruta kipanya kutoka mwanzo mpaka mwisho wa sehemu unayoitaka, muda unaonekana kwa sekunde.

Nikupe ya kwangu na ya kijana wa bajaji, wiki ya pili, namba nimezisogeza kwa milisekunde za karibu. Kwangu *kataba*, *a* ya kwanza 90, uwanda wa *t* 80. *Kaataba*, *a* 190, *t* 80. *Kattaba*, *a* 85, uwanda wa *t* 175. Yaani kila kinachorefuka kimekuwa kama mara mbili na jirani yake hajaguswa.

Kijana sasa. *Kaataba* yake, *a* ya kwanza 120, *a* ya pili 165. Amevuta, ila amevutia *ta*, mkazo wa Kiswahili umemrudia. Kwangu *a* ya pili ilikuwa 80. *Kattaba* yake, uwanda wa *t* 95, kamstari ka kupasuka kamepanda juu kuliko changu. Kapiga, hakushikilia. Nilipomwonyesha kwenye skrini akasema, "Ustadhi mi nilikuwa naona nimeshikilia hadi nimechoka!" Ni kweli, nguvu alitumia nyingi. Tukarudi kwenye kiganja na mchi, wiki nzima *kattaba* peke yake, uwanda ukafika 150 na kamstari kakashuka. *Ta* ndo ilichelewa, mpaka leo akichoka inarefuka.

Usishangae namba zako zikiwa tofauti na zangu, unaongea kwa mwendo wako. Gawanya tu, ndefu kwa fupi. Ikiwa chini ya moja na nusu msikilizaji ataanza kubahatisha, ikiwa karibu na mbili uko salama, ikifika tatu unasoma kisomo.

Mwisho wa neno

Hapa ni pa kuangalia kidogo. Kwenye Kiarabu sanifu *katabna* ni wale wanawake waliandika na *katabnaa* ni sisi tuliandika. *Kataba* aliandika, *katabaa* waliandika wao wawili. Urefu huo wa mwisho wabongo hatuusikii kabisa, ila hata Waarabu wenyewe wakiongea mtaani wanaufupisha, *katabnaa* inatoka *katabna* na wanaelewana kwa sababu lugha ya mtaani nyingi imeacha hiyo ya wanawake. Kwahiyo kwenye mtihani na kusoma habari itunze, kwenye simu na Maskati usijiue nayo.

Na kwenye maandishi, madda inaonekana maana ina herufi yake, alifu, wau, au yaa. Shadda ni kialama tu juu ya herufi, magazeti na meseji mara nyingi hawakiweki, *kataba* na *kattaba* zinaandikwa sawasawa. Kwahiyo ukijifunza kwa macho tu utajua urefu wa irabu na hutajua kushikilia kabisa, neno jipya liandike kwenye daftari pamoja na shadda yake tangu siku ya kwanza, na ukilisoma lipigie kidole.

Kijana kaondoka mwezi uliopita. Alinitumia voisi akiwa ameshatua, kelele nyuma, anasema yuko *mataar*, na nje kuna jua kali hakuna *matar*. *Ta* ya mwisho alivuta kidogo, ila nilielewa yuko wapi.